Kidonda cha siku ya 9 na kidonda cha siku ya 14

"Shikamoo mwalimu. Nipo mwaka wa pili wa uuguzi na nina kazi ya kuandika kuhusu utunzaji wa vidonda. Kisa tulichopewa ni cha mwanamume wa miaka 54 mwenye kisukari, aliyechanika muundi kwa bati. Siku ya 9 kidonda kina sentimita 4 kwa 3, nusu ni njano na nusu nyekundu. Majimaji ni ya wastani, ngozi ya pembeni imelowa na kuwa nyeupe, kuna wekundu wa sentimita 1 kukizunguka, na harufu kidogo gozi inapofunguliwa. Hana homa. Anafungwa gozi kavu kila siku. Siku ya 14 kimekuwa 4.5 kwa 3.5, kinauma usiku, kinatoa damu kikiguswa na wekundu umefika sentimita 3. Tunaulizwa yuko hatua gani ya kupona, afungwe nini, na kama kuna maambukizi. Wenzangu wanasema maambukizi yalianza siku ya 9 kwa sababu ya ile njano. Mimi sina uhakika."

Marahaba. Usiwafuate wenzako, ingawa naelewa walikopatia wazo hilo: rangi ya njano huwatisha watu. Aliyetunga kisa hiki anakupima kama unaweza kuona tofauti kati ya kidonda kinachosuasua na kidonda kilichoshambuliwa. Cha siku ya 9 kinasuasua. Cha siku ya 14 kimeshambuliwa.

Tuanze na hatua za kupona, kwa sababu hapo ndipo wanafunzi wengi hupoteza alama bila kujua. Wanaziandika kama ratiba: damu kuganda ndani ya dakika chache, uvimbe wa awali hadi siku ya 4 hivi, nyama mpya kutoka siku ya 4 hadi ya 21, kisha kovu kukomaa kwa mwaka mmoja au zaidi. Ratiba hiyo si uongo, ila inahusu mkato safi ulioshonwa kwa mtu mwenye afya. Kidonda kilicho wazi hakifuati kalenda. Kinaingia hatua inayofuata pale kazi ya hatua iliyotangulia inapokamilika, na kidonda kimoja kinaweza kuwa katika hatua mbili kwa wakati mmoja, upande huu mbele, upande ule nyuma.

Siku bati lilipomchana, chembe sahani za damu zilikusanyika na kutengeneza donge lililoziba mishipa. Donge lile halikuziba tu. Lilitoa kemikali zinazoita seli nyeupe. Wa kwanza kufika ni neutrofili, ambazo huingia ndani ya saa chache na kuwa nyingi zaidi kati ya saa 24 na 48. Zinameza bakteria, zinayeyusha nyama iliyokufa, kisha nazo zinakufa. Baada ya siku mbili au tatu hufika makrofaji, na hawa ndio wa kuwataja kwa uzito katika kazi yako. Makrofaji humalizia usafi, halafu hubadilika tabia na kuanza kuita wajenzi: fibroblasti zinazofuma kolajeni na vishipa vipya vya damu. Wekundu, joto, uvimbe na maumivu unavyoviona siku ya 2 ni kazi hiyo ya usafi ikiendelea. Ukimwandikia mtu antibaiotiki kwa sababu kidonda chake cha siku ya 2 kina joto, umemtibu kwa kosa la kuwa hai.

Kwa mwenye kisukari, mambo yanakwama hapo kwenye kubadilika tabia. Sukari ikiwa juu, neutrofili hazimezi bakteria vizuri, na makrofaji hubaki katika hali ya vita badala ya kuhamia kwenye ujenzi. Vimeng'enya vinavyoyeyusha nyama iliyokufa vinaendelea kumwagika na kuyeyusha hata kolajeni mpya. Ndiyo maana siku ya 9, mtu mwingine angekuwa na kidonda chekundu chote, huyu ana nusu kwa nusu. Nusu nyekundu, ikiwa na vinundu vidogo vinavyong'aa kama vimepakwa mafuta, ni nyama mpya: hatua ya ujenzi. Nusu ya njano bado iko kwenye usafi. Jibu lako la swali la kwanza liwe hivyo, kwa maneno mawili tu: ujenzi upande mmoja, usafi uliorefuka upande wa pili. Ukiandika "yuko hatua ya ujenzi kwa sababu ni siku ya 9", umesoma kalenda na hukusoma kidonda.

Sasa ile njano yenyewe. Ni utando wa seli zilizokufa, protini na mabaki ya donge la damu. Sio usaha. Namna rahisi ya kutofautisha ni kwamba usaha hutiririka, na utando hunata. Ukipitisha gozi yenye maji ya chumvi, usaha unaondoka wote na kuacha unachokiona chini yake, lakini utando unabaki umeshikilia, labda unalegea pembeni tu. Kwenye muundi kuna kitu cha tatu cha njano ambacho lazima ukikumbuke kabla hujafikiria kushika koleo: kano. Kano huwa na rangi ya maziwa au njano hafifu, inang'aa, ina mistari iliyonyooka, na ukimwambia mgonjwa apandishe na kushusha wayo, inasogea. Utando hausogei. Nimewahi kuona mtu akivuta "utando" kwa bidii hadi mgonjwa akaruka kitandani. Hakuna aliyekuwa amemwambia asogeze mguu kwanza.

Kwa hiyo siku ya 9, je, dalili nyingine zinasemaje? Harufu kidogo gozi inapofunguliwa haitoshi. Gozi iliyokaa saa 24 na majimaji ya joto itanuka, kama nguo yoyote ingenuka. Sheria ni kuosha kidonda kwanza, kutupa gozi ya zamani, kisha kunusa. Harufu ikibaki kwenye kidonda kilichosafishwa, hiyo ndiyo ya kuandika. Wekundu wa sentimita 1 nao hautoshi kwa peke yake, hasa kwa sababu kisa hakijasema kuna joto wala maumivu mapya, na ngozi iliyolowa huwa nyekundu kwa kukereka. Ushahidi wenye nguvu kuliko wote siku hiyo ni ule ambao wenzako wameuruka: ngozi nyeupe iliyolowa pembeni, kama vidole vilivyokaa majini muda mrefu. Hapo hakuna bakteria wa kulaumiwa. Gozi anayofungwa imeshindwa kunyonya.

Hapo tumeingia kwenye swali la pili, na nataka ulijibu kuanzia hapo hapo. Wanafunzi hupenda kuorodhesha aina kumi za vifungio na sifa zake. Mhadhiri anayeijua kazi anatafuta kitu kingine: je, unajua kidonda hiki kinakosa nini? Tangu mwaka 1962, mtafiti George Winter alipoonesha kwa nguruwe kwamba ngozi mpya huota takriban mara mbili kwa kasi chini ya kifungio kinachotunza unyevu kuliko chini ya kigaga kikavu, lengo limekuwa ni unyevu wa kiasi. Seli za ngozi mpya hutambaa kutoka kingoni. Juu ya eneo lenye unyevu zinateleza. Penye kigaga inabidi zichimbe njia chini yake. Lakini unyevu ukizidi, majimaji yaliyojaa vile vimeng'enya hukaa juu ya ngozi ya pembeni na kuiharibu. Kidonda chako cha siku ya 9 kina unyevu wa ziada pembeni, na wakati huohuo kina utando unaohitaji unyevu ili ulegee. Inaonekana kama mkanganyiko, kumbe ndicho kitu kizima unachopimwa.

Gozi kavu inashindwa pande zote mbili. Inanyonya haraka, inajaa, kisha inabaki imelowa juu ya ngozi ya pembeni. Sehemu yake ya katikati inapokauka, vishipa vipya vinakuwa vimeingia kwenye nyuzi zake, na kila asubuhi gozi inapobanduliwa, nyama ya jana inaondoka nayo. Ukiona vidoa vya damu kwenye gozi iliyotolewa, na mgonjwa amekunja uso, hiyo ndiyo sababu. Watu wazima katika fani yetu waliitumia makusudi kuondoa utando, ila gozi haichagui: inang'oa cha njano na chekundu kwa pamoja.

Ningemfunga nini? Chaguo langu la kwanza ni alginati, ile pamba inayotokana na mwani wa baharini. Inanyonya majimaji na kugeuka jeli inayokaa ndani ya kidonda, hivyo utando unapata unyevu wa kuulegeza huku ziada ikivutwa kutoka kwenye ngozi. Ikatwe kwa ukubwa wa kidonda, isilale juu ya ngozi ya pembeni. Juu yake uwekwe mfuniko wa sponji unaonyonya, na ngozi ya pembeni ipakwe krimu ya zinki au tabaka jembamba la vaselini ili majimaji yasiifikie. Ibadilishwe baada ya siku 2, au mapema doa likifika ukingoni mwa mfuniko. Kigezo ni doa, kalenda ni ya akiba.

Isipokuwepo alginati, kazi haiharibiki. Gozi ichovywe kwenye maji ya chumvi ya asilimia 0.9, ikamuliwe hadi isidondoshe tone, ikunjuliwe na kulazwa ndani ya kidonda bila kushindiliwa, kisha ifunikwe na gozi kavu za kutosha. Ibadilishwe mara moja au mbili kwa siku, kabla haijakauka. Ukikuta imekauka, ilowanishe dakika chache kabla ya kuitoa. Ukiilowesha ukaivuta mara moja, bado umeng'oa.

Katika kazi yako eleza pia usichoweka na kwa nini, maana hilo huonesha uelewa kuliko orodha. Haidrojeli inaongeza maji, na hapa maji yamezidi. Ingefaa kama utando ungekuwa mkavu na mgumu. Haidrokoloidi inafunga kabisa kama kifuniko cha chungu. Kwa kidonda chenye majimaji kama haya na uwezekano wa kuambukizwa, kwa mtu mwenye kisukari, unajinyima kuona kinachoendelea chini yake kwa siku kadhaa. Alginati yenyewe ukiiweka kwenye kidonda kikavu inabandikana na kuumiza. Vifungio vyenye ayodini au madini ya fedha siku ya 9 havina kazi: hujaona maambukizi, na dawa za kuua bakteria zinaweza pia kudhuru fibroblasti unazozisubiri. Na haidrojeni peroksaidi ibaki kabatini siku zote, hata povu lake likivutia namna gani.

Jambo moja kabla ya kuondoka siku ya 9. Huu ni mguu wa mwenye kisukari, kwa hiyo andika kwamba ulipapasa mapigo ya mishipa juu ya wayo na nyuma ya kifundo. Damu isipofika, kifungio chochote ni mapambo, na bandeji ya kubana inaweza kuua mguu. Chora pia mstari kwa kalamu kwenye mpaka wa wekundu, uandike tarehe na saa. Mstari huo utakuokoa siku ya 14.

Tuje kwenye siku ya 14. Anza na hesabu ndogo. Siku ya 9 urefu kuzidisha upana ulikuwa sentimita za mraba 12. Sasa ni 15.75. Kidonda kimekua kwa karibu asilimia 31 ndani ya siku 5, wakati kingepaswa kupungua. Kukua peke yake kuna maelezo mengine, kwa mfano utando uliondoka na ukubwa halisi ukaonekana. Ndiyo maana hutegemei dalili moja. Lakini tazama zilivyoandamana.

Kinauma usiku, na hapo awali hakikutajwa kuuma. Maumivu mapya, au yaliyobadilika tabia, ni moja ya dalili ninazoziamini sana, tena kwa mwenye kisukari ambaye mishipa yake ya fahamu huenda imepungua hisia. Kama mguu wenye ganzi umeanza kuuma, kuna jambo chini. Kinatoa damu kikiguswa: nyama mpya yenye afya haivuji kwa kuguswa na gozi yenye maji. Bakteria wakizidi, mwili hutengeneza vishipa vingi dhaifu, na nyama huwa nyekundu iliyoiva, laini, wakati mwingine imevimba kupita usawa wa ngozi. Wanafunzi huiona nyekundu wakafurahi. Hizi tatu, yaani kukua, maumivu mapya na nyama inayovuja, ni dalili za kichinichini. Hujitokeza kabla ya usaha, na kwa mgonjwa kama huyu usaha unaweza kuchelewa au usije kabisa.

Kisha kuna dalili ya wazi: wekundu umetoka sentimita 1 hadi 3. Ukipita sentimita 2 kutoka ukingoni, wengi wetu tunahesabu kwamba maambukizi yameanza kusambaa nje ya kidonda. Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu kwa macho pekee. Huonekana kama weusi uliokolea au zambarau, ngozi inang'aa kwa kuvimba, na joto hupimwa kwa mgongo wa mkono ukilinganisha na mguu wa pili mahali palepale. Hapo ndipo ule mstari wa kalamu unapozungumza, kwa sababu bila huo kila muuguzi wa zamu ana sentimita zake.

Kutokuwa na homa kusikutulize. Mtu mwenye kisukari au umri mkubwa anaweza kuwa na maambukizi makali akiwa na joto la kawaida. Pima sukari: kupanda bila sababu nyingine kunaweza kutangulia homa. Pima mapigo ya moyo na upumuaji. Na andika wazi dalili ambazo zikionekana hatusubiri kesho: maumivu makali kuliko kidonda kinavyoonekana, malengelenge, ngozi kugeuka zambarau au nyeusi, hewa inayochezacheza chini ya ngozi ukibonyeza, au mgonjwa kuchanganyikiwa. Hayo ni ya upasuaji wa dharura usiku huohuo.

Sampuli ya maabara ichukuliwe siku ya 14, sio ya 9. Kila kidonda kilicho wazi kina bakteria. Ukipeleka kijiti cha pamba chenye sampuli siku ya 9 maabara itaota kitu, jina litarudi kwenye karatasi, na mtu atalitibu jina hilo. Maambukizi hutambuliwa kwa kumtazama mgonjwa. Maabara inakuambia dawa gani tu. Kwa namna ya kuchukua: osha kidonda kwa maji ya chumvi, chagua sehemu safi nyekundu yenye ukubwa wa sentimita 1 ya mraba, bonyeza kijiti hadi majimaji yatoke kwenye nyama, kizungushe kwa sekunde 5. Usichote usaha wala utando. Hiyo ni takataka ya vita, na adui yuko ndani ya nyama. Fanya hivyo kabla ya dozi ya kwanza ya antibaiotiki, lakini mgonjwa akiwa na hali mbaya usicheleweshe dawa kwa ajili ya kijiti.

Nikukiri kosa langu la zamani, maana linahusu alginati niliyokupendekezea. Nikiwa mgeni kazini nilifungua kidonda nikakuta ute wa njano ya kahawia unaoteleza na kunuka. Nikaripoti usaha, daktari akaniamini, mgonjwa akameza antibaiotiki kwa wiki. Ilikuwa jeli ya alginati iliyomaliza kazi yake. Ningeiosha kwanza ningeona nyama nyekundu safi chini. Tangu hapo naandika maelezo ya kidonda baada ya kukiosha, sio kabla.

Mpango wa siku ya 14, basi. Kwa kuwa wekundu umepita sentimita 2 kwa mwenye kisukari, antibaiotiki ya kumeza au ya mshipa inahitajika, na hiyo ni amri ya daktari. Mara nyingi huanza na inayowalenga bakteria aina ya stafilokokasi na streptokokasi, kisha hurekebishwa majibu yakirudi. Wewe unaomba na kueleza sababu. Kifungio ndicho eneo lako. Sasa ayodini inayotoka polepole, fedha au asali ya kitabibu ina kazi, kwa muda uliopangwa: wiki 2, halafu unapima upya na kuiacha kama wekundu na maumivu vimetulia. Asali huvuta majimaji, kwa hiyo mfuniko unaonyonya uongezwe. Kabla ya kutumia ayodini, muulize mgonjwa kwanza kuhusu tezi la shingo. Mabadiliko ya kifungio yawe kila siku kwa siku za mwanzo, sababu kuu ikiwa ni kutazama ule mstari. Utando uliolegea uondolewe na mwenye mafunzo hayo, kwa sababu bakteria wamejificha humo na dawa haiwafikii vizuri.

Na kwa kuwa muundi ni mfupa uliofunikwa na ngozi nyembamba, gusa sakafu ya kidonda kwa kichunguzi safi kisicho na ncha kali. Ukisikia kitu kigumu kinachogonga, mwambie daktari siku hiyohiyo aombe picha ya eksrei. Eksrei ya wiki ya pili inaweza kuonekana safi hata kama mfupa umeguswa, kwa hiyo andika irudiwe baada ya wiki 2 hadi 3 kama kidonda bado hakijapungua.